Wiki sita bila kula usiku, na mizani haikusogea: kisa cha mama wa dagaa wa Mwaloni

Alikuja Jumamosi mchana, akiwa bado na harufu ya dagaa kwenye kanga, na kabla hajakaa akaniambia, "Daktari, mimi nimeshindwa na mwili wangu." Mimi si daktari, ni afisa lishe, lakini Kirumba yote inaniita hivyo na nimeacha kubishana. Ana miaka 38, urefu sentimita 158, watoto watatu. Ananunua dagaa kwa wavuvi alfajiri na kuuza kwa jumla pale soko la Mwaloni. Kwa wiki sita alikuwa hali kitu baada ya saa 12 jioni. Wifi yake ndiye aliyemfundisha: chakula cha usiku hakitumiki, kinalala nawe na kugeuka kitambi. Alipoanza, mizani ya duka la dawa ilisoma kilo 84 na kitu. Baada ya wiki sita ilisoma 85.

Nimemwahidi kutokumtaja jina, naye amenipa ruhusa ya kueleza mengine yote.

Kwanza hiyo saa 12 yenyewe. Mwanza iko magharibi mbali, lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam. Jua letu linazama zaidi ya dakika 20 baada ya la Dar. Saa 12 jioni ukiwa Kirumba bado kuna mwanga mzuri tu, watoto wanacheza mpira, na jua litazama karibu saa 1 kasoro. Kama mwili unafuata mwanga wa jua, mpaka wa saa 12 kamili umechorwa na nani? Nilimuuliza. Akasema wifi naye aliupata kwenye simu.

Sikumwambia kwamba wifi ni mwongo. Nilimwomba anieleze siku yake, kuanzia anapofumbua macho.

Anaamka saa 10 alfajiri. Saa 11 yuko Mwaloni akisubiri mitumbwi. Hapo anakunywa chai ya maziwa vikombe viwili na chapati mbili, kwa sababu mpaka saa 4 asubuhi hana nafasi ya kukaa. Saa 5 soda moja. Saa 8 mchana wali maharage kwa mama lishe. Halafu, tangu aanze ile sheria, saa 11 jioni anakula ugali, samaki wa kukaanga na mchicha, "nishibe kabisa, maana najua sitakula tena." Nikauliza, na baada ya hapo? "Baada ya hapo sili." Kabisa? "Sili. Nakunywa tu kauji kadogo saa 2 nikiwa na watoto. Na karanga zile za kutafuna, lakini hizo si chakula."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Kwa Kiswahili chetu "kula" ni kukaa na sahani. Uji unanywewa, karanga zinatafunwa, soda ni ya kupoza koo. Mtu anaweza kuapa mbele ya sheikh au padri kwamba hajala tangu jioni, naye asiwe amesema uongo. Siku hizi siulizi watu wamekula nini. Nauliza nini kimepita mdomoni.

Nilimpa mizani ndogo ya jikoni na daftari, apime kwa siku saba bila kubadilisha chochote. Kijiko chake cha sukari hakikuwa kijiko, kilikuwa kilima: tulipokipima kilibeba gramu 7, na anaweka vitatu kila kikombe. Kwa vikombe viwili ni gramu 42. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, kwa hiyo sukari peke yake ni kama 170. (Kalori ninazotaja ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti.) Ukiongeza maziwa, chai ile inafika 230. Chapati moja ya pale sokoni ilikuwa na gramu 80, na kwa mafuta yake inakaribia kalori 260. Kabla jua halijachomoza vizuri, mama huyu ameshapata 750.

Soda ni 150. Wali maharage, sahani ya mama lishe, niliukadiria 500. Ugali wa saa 11 jioni, unga mkavu gramu 100, ni 360. Kipande cha sato wa kukaanga 200, na mchicha na kijiko cha chakula cha mafuta 120. Jumla 680. Kauji kadogo kenye sukari kakawa 130. Karanga zile zisizo chakula, gramu 30, zikawa 170.

Ukijumlisha unapata 2,380 hivi. Ukiingiza uzito, urefu, umri na kazi yake ya kusimama na kubeba kwenye mlinganyo wa kawaida tunaoutumia, matumizi ya mwili wake kwa siku yanakuja karibu hapo hapo, 2,350 hadi 2,400. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa mamia ya kalori, siyashiki kama msahafu. Lakini nilikuwa na ushahidi mwingine wenye nguvu zaidi: uzito haukupanda wala kushuka kwa wiki sita. Huo ndio mwili wenyewe ukisema kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Nikamuuliza alikuwa anakula nini kabla ya sheria. Alikuwa hali saa 11 jioni. Alikuwa anakula na familia saa 3 usiku, sahani niliyoikadiria kalori 800. Sasa amefuta sahani ya 800 na kuweka ya 680, pamoja na uji wa 130 ambao zamani hakuwa anakunywa. Amefuta 800 na kuingiza 810. Mzigo ule ule, umehamishwa kutoka bega la kushoto kwenda la kulia.

Aliliangalia daftari muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo wengi wanasema, na ambalo ukilipuuza hutamsaidia mtu: "Lakini siku ya kwanza tu nilipoacha kula usiku, kesho yake nilipungua kilo nzima. Niliona kwa macho yangu."

Ni kweli aliona. Nilimpandisha kwenye mizani yangu palepale, ikasoma 85.2. Nikampa chupa ya maji ya nusu lita, akanywa yote. Nikampandisha tena: 85.7. Akacheka. Sasa weka sahani ya ugali uliosongwa, ambao sehemu kubwa yake ni maji, samaki, mboga na glasi ya maji, jumla ni kilo moja na zaidi. Ukila saa 3 usiku na kujipima saa 10 alfajiri, sehemu kubwa ya mzigo ule bado iko ndani yako. Ukiacha kula saa 11 jioni, saa 10 alfajiri tumbo limeshasukuma na figo zimeshatoa maji. Pia chumvi ya samaki na wanga wa ugali hushika maji mwilini kwa muda. Mizani haijui mafuta ni yapi na ugali ni upi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa inayoifanya imani ya kula usiku isife: kila anayeijaribu anapata ushahidi kesho yake asubuhi. Wiki ya pili ushahidi unaisha, na hapo mtu anajilaumu mwenyewe badala ya kulaumu sheria.

Kwa hiyo nilibadilisha kwanza namna ya kupima. Kila asubuhi akitoka chooni, kabla ya chai, na kanga moja ile ile. Namba ya siku moja tunaiandika na kuisahau, tunatazama wastani wa siku saba. Kisha kuna mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hupumzika, na mama huyu anabaki nyumbani siku kadhaa: analala zaidi, hatembei sana, na jiko liko karibu. Ukilinganisha wiki yake ya giza na wiki yake ya mbalamwezi unalinganisha watu wawili tofauti. Tukakubaliana hukumu itatolewa kila baada ya wiki nne, ili giza na mbalamwezi vyote viwemo. Wiki nne zilifaa pia kwa sababu siku za hedhi huleta maji, na kwake zilikuwa zinaongeza karibu kilo moja inayokuja na kuondoka.

Wastani wa wiki ya kwanza ulikuwa kilo 84.7.

Nikamwambia arudishe chakula cha usiku. Alinitazama kama nimemwambia avue dagaa mchana. Lakini nilitaka vitu viwili visichanganyike, saa na kiasi. Ugali ulirudi mezani pamoja na familia, saa 1 na nusu usiku. Kile cha saa 11 jioni kikaondoka pamoja na kauji. Sahani mpya ilikuwa na unga gramu 90, sato wa kuchemsha na nyanya badala ya kukaanga, na mchicha wenye kijiko kimoja cha mafuta kilichopimwa. Jumla 630. Alfajiri chapati moja badala ya mbili, na yai la kuchemsha pembeni. Sukari ikashuka kutoka gramu 42 hadi 12. Soda alikataa kuiacha, nami sikumsumbua. Karanga zikabaki 30, ila sasa zinaandikwa.

Akiba yote ikawa karibu kalori 485 kwa siku, yaani 180 kwenye cha jioni, 185 kwenye chapati na 120 kwenye sukari. Utaona kwamba zaidi ya nusu ilitoka kwenye kile kinywaji na kitafunio cha alfajiri, saa ambayo hakuna mtu Mwanza anayeiogopa.

Mafuta ya kupikia yalikuwa na kisa chake. Alisema nyumbani wanatumia "kidogo tu". Tukaweka alama kwenye chupa ya lita moja kwa kalamu. Kwa watu watano iliisha siku ya sita. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Ukigawa kwa watu watano na siku sita, kila mmoja anapata kama 275 kwa siku, na mafuta ya kukaangia anayarudisha kwenye chupa, kwa hiyo kilichopungua kimeliwa. Kipimo hiki nakipenda kuliko daftari lolote, kwa sababu mkono wa mpishi hausahihishwi na kumbukumbu yake.

Baada ya wiki nane wastani ulikuwa 81.8. Amepungua kilo 2.9 huku akila ugali usiku kila siku. Kwa hesabu ya kitabuni, kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, na akiba ya 485 kwa siku 56 ingetoa kilo 3.5. Pengo lile halinishangazi. Mwili unaopungua unatumia kidogo kidogo, mtu hula harusini, na makadirio yangu hayakuwa ya maabara.

Hapo yeye mwenyewe akawa mtafiti. "Sasa tujaribu chakula hicho hicho, lakini nile saa 12." Tukafanya wiki nne: sahani ile ile ya 630, imesogezwa saa moja na nusu nyuma. Wastani ukaenda 80.6, yaani kilo 1.2 kwa wiki nne. Wakati wa chakula cha saa 1 na nusu alikuwa anapungua kilo 1.45 kwa kila wiki nne. Nisingesema kula mapema kulimpunguzia kasi, tofauti hiyo ni ndogo kuliko maji ya siku moja. Na mtu mmoja, mfululizo mmoja, si jaribio la kisayansi.

Majaribio yenyewe yapo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya watu 41 wenye unene uliokithiri waliopikiwa chakula chote kwa wiki 12. Kalori ni zile zile. Kundi moja lilikula ndani ya saa 10, sehemu kubwa kabla ya saa 7 mchana. Lingine lilikula kwa kawaida, nusu au zaidi baada ya saa 11 jioni. La kwanza lilipungua kilo 2.3, la pili 2.6, tofauti ambayo haina uzito kitakwimu. Aberdeen, Uskochi, mwaka 2022, watu 30 walizungushwa kati ya kula sana asubuhi na kula sana jioni, wakapungua sawa, karibu kilo 3.3 kila upande kwa wiki nne. Ila walipokula sana asubuhi, njaa yao ilikuwa ndogo zaidi mchana kutwa.

Hilo la njaa ndilo ninalolichukulia kwa uzito. Mwaka huo huo wa 2022, hospitali moja ya Boston iliwachelewesha watu 16 milo yao kwa kama saa nne, ikidhibiti chakula na usingizi. Njaa iliongezeka, homoni ya shibe ilishuka, na nguvu walizotumia wakiwa macho zikapungua kama asilimia 5. Tukisema kwa mama huyu ni kalori 100, ni chini ya kijiko kimoja cha mafuta. Hasara kubwa iko kwenye njaa: anayechelewa sana kula huishia kula zaidi, hasa kama hana anayempimia sahani. Watu wanaokula usiku wa manane mjini hapa hawaongezi mchicha. Wanaongeza chipsi mayai, mishkaki na bia, juu ya milo mitatu iliyokwisha kuliwa, na wanalala saa chache.

Halafu kuna Ramadhani. Waislamu wa Mwanza kila mwaka, kwa siku 29 au 30, hawali chochote mchana, na kalori zote za siku zinaingia baada ya magharibi hadi daku. Kama chakula cha usiku kingegeuka mafuta kwa sababu ya saa yake, mwezi mmoja ungetosha kuuonyesha mji mzima. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha wastani wa watu hupungua kama kilo moja, kisha huirudisha baada ya sikukuu. Wanaonenepa wapo, na ukichungulia futari yao utaona sambusa, kachori na juisi.

Mbona basi nilimwekea saa 1 na nusu na si saa 3 kama zamani? Kwa sababu ya kiungulia. Zamani alikuwa anakula saa 3 na kulala saa 4, na alilalamika moto kifuani usiku. Ukilala tumbo limejaa, asidi hupanda kirahisi. Kuacha saa mbili hadi tatu kati ya sahani na kitanda husaidia, na kwake kilipotea ndani ya wiki mbili. Pia mwili unashughulikia sukari ya damu vibaya zaidi usiku kuliko asubuhi, jambo lenye maana kwa mwenye kisukari au anayekinyemelea. Kwa hiyo saa ina kazi yake, lakini kazi hiyo si ile aliyopewa na wifi.

Kuna kitu kimoja kilichonifanya niinuke kitini. Katikati ya mazungumzo ya mwezi wa pili akataja kwamba mama yake mzazi, mwenye kisukari, naye ameacha kula usiku "kama sisi". Anameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Nikauliza ni vidonge gani, akanitumia picha ya pakiti: glibenclamide. Dawa hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Ukimeza jioni na usile, sukari inaweza kushuka hatari usingizini. Nikauliza kama bibi amekuwa akiamka usiku anatetemeka na kutokwa jasho. Kimya. Kisha, "Wiki iliyopita tulidhani ni malaria."

Nilimwambia ampigie simu sasa hivi, bibi ale cha usiku leo, na kesho asubuhi aende kliniki yake na pakiti mkononi, wao ndio wapange dozi na milo. Alipiga akiwa kwangu. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama. Umekula? Hapana, hata kama ni saa 1. Kula."

Tunaendelea. Kati ya saa 12 na saa 1 na nusu amechagua saa 1 na nusu, kwa sababu saa 12 watoto wa shule hawajamaliza kuoga na hapendi kula peke yake. Wiki iliyopita wastani ulikuwa 80.4. Chupa ya mafuta sasa inafika siku ya tisa. Soda bado ipo.